Kwa nini jua la Rujewa lilibaki na pete? Jibu limo katika mstari unaopita vitovu viwili

Na Mwandishi Wetu

MNAMO Septemba 1, 2016 maelfu ya watu walimiminika Rujewa, wilayani Mbarali mkoani Mbeya, kushuhudia kupatwa kwa jua. Mwezi ulipita mbele ya jua, ukafika katikati kabisa, lakini haukulifunika lote. Kwa muda wa takriban dakika tatu ukingo wa jua uliendelea kung'aa kuuzunguka mwezi mfano wa pete ya dhahabu, na mchana haukugeuka usiku kama ambavyo baadhi ya watu walitarajia.

Miaka mitatu kabla ya hapo, Novemba 3, 2013, kivuli cha mwezi kilipita Pakwach, kaskazini mwa Uganda, na kuendelea hadi Turkana nchini Kenya. Huko hapakuwa na pete. Jua lilizibwa lote, ingawa kwa sekunde chache tu.

Jua ni lile lile na mwezi ni ule ule. Kilichotofautisha matukio hayo mawili ni mahali ilipoangukia nukta moja isiyoonekana, ambayo wanafunzi wa sekondari huitafuta kwa rula na bikari bila kuambiwa kwamba ina kazi yoyote nje ya karatasi ya mtihani. Wao huiita kitovu cha ukuzaji.

Swali la darasani huwa hivi: wamepewa duara dogo na duara kubwa, watafute nukta ambayo kutoka hapo duara dogo likikuzwa litakuwa lile kubwa. Msomaji aliyeacha shule miaka mingi iliyopita huenda asikumbuke hata maana ya neno hilo, hivyo tuanzie hapo.

Kukuza umbo ni kuchagua nukta moja, kisha kulisukuma kila sehemu ya umbo mbali na nukta hiyo kwa kuzidisha umbali wake kwa namba ile ile. Namba hiyo ikiwa 3, sehemu iliyokuwa sentimeta 2 kutoka kwenye nukta itakwenda kukaa sentimeta 6, na iliyokuwa sentimeta 5 itakwenda kukaa sentimeta 15, kila moja ikifuata mstari wake ulionyooka. Nukta yenyewe haiendi popote. Ndiyo kitovu cha ukuzaji, na namba ile tutaiita kizidisho.

Kutokana na maelezo hayo mafupi, jambo moja linajitokeza mara moja. Kila sehemu ya umbo, mahali ilipohamia, na kitovu cha ukuzaji, vyote vitatu hukaa katika mstari mmoja. Duara dogo likikuzwa na kuwa duara kubwa, kitovu cha duara dogo hakina budi kuhamia kwenye kitovu cha duara kubwa. Kwa hiyo nukta tunayoitafuta lazima iwe juu ya mstari unaopita vitovu vya maduara hayo mawili. Haiwezi kuwa kulia wala kushoto kwake.

Hapo ndipo wanafunzi wengi huishia. Wakishachora mstari wa vitovu huona kazi imekwisha, kisha hukisia nukta kwa macho. Lakini mstari mmoja hautoi nukta. Unahitajika mstari wa pili utakaoukata, na huo wa pili hauchorwi ovyo ovyo.

Tuchukue karatasi ya kawaida, tuilaze, na kuchora maduara mawili. La kwanza lina nusu kipenyo cha sentimeta 2, la pili sentimeta 6, na kutoka kitovu hadi kitovu ni sentimeta 12. Chora mstari wa vitovu na uurefushe kupita duara dogo hadi karibu na ukingo wa karatasi, kwa sababu tutauhitaji upande huo.

Sasa, kutoka kitovu cha duara dogo, inua mstari wa wima hadi ukutane na ukingo wa duara. Fanya vivyo hivyo katika duara kubwa, kuelekea upande ule ule wa juu. Una nusu vipenyo viwili vilivyo sambamba, kimoja cha sentimeta 2 na kingine cha sentimeta 6. Unganisha ncha zake za juu kwa rula na uuendeleze mstari huo kuelekea upande wa duara dogo. Utashuka polepole hadi uukate mstari wa vitovu. Pima kutoka hapo hadi kitovu cha duara dogo: ni sentimeta 6. Pima hadi kitovu cha duara kubwa: ni sentimeta 18.

Kumi na nane ni mara tatu ya sita, na nusu kipenyo cha sentimeta 6 ni mara tatu ya kile cha sentimeta 2. Hiyo siyo bahati. Umechora pembetatu mbili za umbo moja, ndogo ikiwa ndani ya kubwa, zikichangia kona ile iliyo kwenye nukta. Urefu wa moja ni theluthi ya urefu wa nyingine, hivyo na msingi wake ni theluthi. Msingi mkubwa umeuzidi mdogo kwa sentimeta 12, ambazo ni ule umbali kati ya vitovu. Kitu ambacho theluthi mbili zake ni 12 ni 18, na theluthi iliyobaki ni 6.

Atakayetaka kufika huko bila kuchora ana njia fupi. Chukua umbali kati ya vitovu, zidisha kwa nusu kipenyo kidogo, gawanya kwa tofauti ya nusu vipenyo. Hapa ni 12 mara 2 gawanya kwa 4, ambayo ni 6. Huo ndio umbali wa nukta kutoka kitovu cha duara dogo, upande wa nje.

Si lazima nusu vipenyo vile viwe wima. Vinaweza kuinama nyuzi 60 au 35, mradi vyote viwili viiname sawasawa na kuelekea upande mmoja. Mstari wa ncha utashuka kwa mwinamo mwingine, lakini utaukata mstari wa vitovu pale pale. Kwa mwanafunzi huu ndio uhakiki bora kuliko wote: achore mara mbili kwa miinamo tofauti, na kama mistari yake haikutani mahali pamoja, basi mojawapo ya jozi zake haikuwa sambamba.

Karatasi hiyo hiyo ina siri ya pili, ambayo vitabu vingi huipita haraka. Rudi kwenye nusu vipenyo vile vya wima, lakini safari hii kile cha duara kubwa kielekeze chini badala ya juu. Bado viko sambamba, ila vimepeana migongo. Unganisha ncha zake. Mstari utakata ule wa vitovu katikati ya maduara, sentimeta 3 kutoka kitovu cha duara dogo na sentimeta 9 kutoka kitovu cha lile kubwa.

Tisa nayo ni mara tatu ya tatu. Kwa hiyo nukta hii pia ni kitovu halali cha ukuzaji, isipokuwa hapa kila sehemu ya duara dogo huvuka kwenda upande wa pili wa nukta, na umbo hutokea limepinduliwa juu chini. Wanahisabati husema kizidisho chake ni hasi 3. Duara likipinduliwa halionyeshi, kwa kuwa duara halina juu wala chini, na ndiyo maana maduara mawili yasiyolingana ukubwa huwa na vitovu viwili vya ukuzaji wakati pembetatu mbili kwa kawaida huwa na kimoja tu. Mwanafunzi aliyeulizwa swali hili akatoa nukta moja bila kutaja ya pili hajakosea hesabu, lakini amejibu nusu ya swali.

Njia fupi ya nukta hii ya ndani inafanana na ile ya nje, ila mwishoni unagawanya kwa jumla ya nusu vipenyo badala ya tofauti yake: 12 mara 2 gawanya kwa 8 ni 3.

Mtahini naye mara nyingi huyaweka maduara hayo kwenye grafu. Tuseme duara dogo lina kitovu (4, 3) na nusu kipenyo 1, na kubwa lina kitovu (10, 7) na nusu kipenyo 3. Kutoka kitovu kidogo kwenda kikubwa ni hatua 6 kulia na 4 juu. Tofauti ya nusu vipenyo ni 2, hivyo tunarudi nyuma nusu ya safari hiyo, yaani hatua 3 kushoto na 2 chini kutoka (4, 3). Tunafika (1, 1). Hicho ni kitovu cha nje. Jumla ya nusu vipenyo ni 4, hivyo kwa kitovu cha ndani tunasonga mbele robo ya safari, hatua 1.5 kulia na 1 juu, na kufika (5.5, 4). Hakuna haja ya kupima urefu wa mstari wenyewe ulioinama.

Baada ya hapo tunaweza kurudi Rujewa.

Jua na mwezi ni matufe, lakini tukiwaza kisu kikubwa kikiyakata yote mawili kupitia vitovu vyake, tutabaki na maduara mawili kama yale ya kwenye karatasi. Duara kubwa ni jua, lenye nusu kipenyo cha takriban kilomita 696,000. Duara dogo ni mwezi, wenye kilomita 1,737. Jua ni kubwa kuliko mwezi mara 400 hivi.

Kitovu cha nje cha ukuzaji cha maduara hayo kiko wapi? Kwa kanuni ile ile kiko kwenye mstari wa vitovu, upande wa mwezi usioelekea jua, yaani upande wa dunia. Na nukta hiyo ina sifa moja inayobeba habari nzima. Mtu akiweka jicho lake pale, kila mstari unaotoka jichoni na kugusa ukingo wa mwezi huendelea mpaka ukagusa ukingo wa jua. Haupungui wala hauzidi. Kwa mtu huyo mwezi na jua vina ukubwa mmoja kabisa, na kimoja hukifunika kingine barabara.

Akisogea karibu zaidi na mwezi, mwezi huonekana mkubwa kuliko jua na kulimeza lote. Akirudi nyuma ya nukta, mwezi huonekana mdogo, na jua huchungulia pande zote. Hiyo ndiyo pete.

Asiyeamini anaweza kujaribu sebuleni, tena bila kulitazama jua, jambo ambalo ni hatari kwa macho. Simamisha sahani yenye upana wa sentimeta 24 ukutani. Kifuniko cha chupa ya soda kina upana wa sentimeta 3 hivi. Kibandike kwenye kijiti na ukisimamishe sentimeta 210 mbele ya sahani. Nusu vipenyo ni 12 na 1.5, tofauti yake 10.5, na hesabu yetu inasema 210 mara 1.5 gawanya kwa 10.5, sawa na 30. Fumba jicho moja, weka jingine sentimeta 30 nyuma ya kifuniko, katika mstari mmoja na katikati ya sahani. Sahani itatoweka, au itabaki ncha nyembamba sana ya ukingo kutegemea kifuniko chenyewe. Rudi nyuma kiganja kimoja na sahani itajitokeza kama pete.

Sasa tufanye hesabu ya mbinguni. Siku ile ya Septemba 2016 mwezi na jua vilitengana kwa takriban kilomita milioni 150.6. Kanuni inataka tuzidishe umbali huo kwa nusu kipenyo cha mwezi na kugawanya kwa tofauti ya nusu vipenyo viwili. Kwa kuwa jua ni mara 400 ya mwezi, hiyo ni karibu sawa na kugawanya umbali kwa 400 tu. Jibu ni kilomita 376,500 hivi. Hapo ndipo kilipoishia kivuli kizito cha mwezi, kile chenye umbo la pia ambacho ndani yake jua halionekani kabisa. Ncha ya pia hiyo ndiyo kitovu cha ukuzaji.

Lakini watu wa kusini mwa Tanzania, mwezi ulipopita juu yao, walikuwa umbali wa takriban kilomita 387,000 kutoka kitovu cha mwezi. Ncha ya kivuli iliishia hewani, zaidi ya kilomita 10,000 kabla ya kuwafikia. Wao walikuwa nyuma ya nukta, kama mtu aliyerudi nyuma sebuleni, na walichoweza kuona ni pete peke yake.

Hesabu hiyo hutoa hata upana wa eneo la pete. Mistari inayokutana kwenye ncha haikomi hapo. Huvukana na kuanza kuachana tena. Kwa umbali wa kilomita 376,500 kabla ya ncha mistari hiyo imetengana kwa upana mzima wa mwezi, kilomita 3,474. Kilomita 10,500 baada ya ncha itakuwa imetengana kwa kiasi kinacholingana, na kwa uwiano huo tunapata kama kilomita 97. Njia ya pete iliyokatiza nchi mwaka ule ilikuwa na upana wa karibu kilomita 100. Aliyekuwa Rujewa alikuwa ndani yake. Aliyebaki Dar es Salaam alikuwa nje kwa mbali, akaona jua lililomegwa tu.

Wale waliomegewa nao wana nukta yao, na ni kile kitovu cha pili, cha ndani. Kipo kati ya jua na mwezi, na kwa kugawanya kwa jumla ya nusu vipenyo kinaangukia kilomita 375,000 hivi kutoka kwenye mwezi, upande wa jua. Mistari inayopita hapo na kugusa mwezi hupanuka kadiri inavyoelekea duniani. Kila aliye ndani ya mpanuko huo huona angalau kipande cha jua kikiwa kimezibwa. Ilipofika usawa wa dunia mistari hiyo ilikuwa imetanuka kiasi cha kilomita 3,500 kila upande wa mstari wa vitovu. Ndiyo maana pete ilikuwa ya watu wachache, lakini jua lililomegwa lilionekana Dar es Salaam, Nairobi na miji mingine mingi ya eneo hili la Afrika.

Kitovu hicho cha kupindua hujionyesha pia chini ya miti siku ya kupatwa kwa jua. Tundu dogo kati ya majani ya mwembe hugeuka kitovu cha ukuzaji kati ya duara la jua na kiduara cha mwanga kilicho ardhini. Jua likimegwa upande wa kulia, kiduara humegwa upande wa pili. Tundu likiwa mita 3 juu ya ardhi, na jua likiwa utosini, kiduara huwa na upana wa karibu sentimeta 3. Ni njia salama ya kutazama, na haina gharama.

Kwa nini basi mwaka 2013 jua lilizibwa lote? Ukubwa wa jua na wa mwezi haubadiliki, ila umbali hubadilika. Dunia hulizunguka jua katika njia isiyo duara kamili, na ncha ya kivuli cha mwezi husogea kidogo kwa sababu hiyo, kuanzia kama kilomita 367,000 kutoka kwenye mwezi mwanzoni mwa Januari, dunia inapokuwa karibu zaidi na jua, hadi kama kilomita 380,000 mwanzoni mwa Julai. Mwezi nao hutukaribia hadi kiasi cha kilomita 357,000, ukipimwa kutoka kitovu cha dunia, na kutuacha hadi kiasi cha 406,000. Vipimo hivyo viwili vinapishana. Mara ncha hutufikia, mara haitufikii.

Novemba 2013 ilikuwa hali ya katikati hasa. Ncha ilikuwa karibu kabisa na uso wa dunia. Mwanzoni mwa njia yake, baharini Atlantiki, kivuli kilipoangukia ukingo wa dunia ulio mbali kidogo na mwezi, ncha haikufika na ikaonekana pete nyembamba. Baada ya muda mfupi kivuli kilifika mahali ambapo tumbo la dunia limejitokeza kuelekea mwezi, na ncha ikagusa. Kilipofika Pakwach na Turkana ilikuwa bado inagusa, lakini kwa kubahatisha, ndiyo maana giza lilidumu sekunde chache.

Hali iliyo kinyume kabisa na ya Rujewa ni ya Agosti 2, 2027. Kupatwa kwa jua kwa siku hiyo kunapita kusini mwa Hispania, kaskazini mwa Afrika, Luxor nchini Misri, Jeddah na Makka nchini Saudi Arabia, kisha Yemen na kaskazini mwa Somalia. Umbali kati ya mwezi na jua ni takriban kilomita milioni 151.4, hivyo ncha iko kilomita 378,500 kutoka kwenye mwezi. Mtu wa Luxor yuko kilomita 351,000 tu. Ncha inampita kwa kilomita zaidi ya 27,000. Inatoboa dunia nzima na kutokea upande wa pili. Kwa uwiano ule ule eneo la giza lina upana wa kilomita 250 hivi, na kwa Luxor giza linadumu zaidi ya dakika sita. Afrika Mashariki iko ndani ya mpanuko wa kile kitovu cha pili, kwa hiyo mjini Mombasa au Dar es Salaam jua linamegwa tu.

Turudi kwenye karatasi, maana kuna mahali ambapo njia hii hupotosha asiyejihadhari.

Kosa la kwanza ni kupima kutoka ukingo hadi ukingo badala ya kitovu hadi kitovu. Katika mfano wetu, kingo zinazotazamana zimetengana kwa sentimeta 4, na anayeingiza 4 badala ya 12 hupata nukta iliyo sentimeta 2 kutoka kitovu kidogo, yaani juu ya ukingo wa duara lenyewe. Nukta ya nje ikiangukia juu ya ukingo wa duara wakati maduara hayagusani, jua kuwa kipimo kimekosewa.

La pili ni kutumia ukubwa wa eneo. Duara la nusu kipenyo 6 lina eneo mara tisa ya lile la 2, na wapo wanaoandika kizidisho 9. Ukuzaji huzidisha urefu. Kizidisho ni 3.

La tatu halitokani na uzembe. Maduara yakikaribiana sana kwa ukubwa, mistari miwili hukutana mbali mno na kwa pembe nyembamba mno. Tuseme nusu vipenyo ni sentimeta 5 na 5.2, vitovu vikiwa sentimeta 12. Kitovu cha nje kiko sentimeta 300, yaani mita 3 nje ya karatasi. Penseli ikikosea kwa milimita moja tu na kufanya 5.2 ionekane 5.1, nukta inaruka hadi mita 6, ikionekana 5.3, inarudi mita 2. Katika hali hiyo usiamini mchoro, amini hesabu, na hesabu yenyewe uiamini kadiri unavyoamini vipimo ulivyoingiza. Ncha ya kivuli cha mwezi haina tatizo hilo kwa kuwa jua limeuzidi mwezi mno. Kosa dogo katika kipimo cha jua au cha mwezi huleta kosa dogo katika ncha.

Yakilingana kabisa, kitovu cha nje hakipo. Mstari wa ncha unakuwa sambamba na mstari wa vitovu na hauukati kamwe. Kinachobaki ni kitovu cha ndani, katikati kabisa ya vitovu viwili, chenye kizidisho hasi 1, ambacho si kukuza tena bali ni kuzungusha nusu mzunguko.

Wengine wamefundishwa njia nyingine: kuchora mistari inayogusa maduara yote mawili kwa nje na kuangalia inapokutana. Ni sahihi, na ndiyo picha ya kivuli cha mwezi yenyewe. Lakini haifai kila mahali. Maduara yakipishana, mistari ya kugusa inayovukana katikati haichoreki. Duara dogo likiwa ndani ya kubwa bila kugusana, hakuna mstari hata mmoja unaoyagusa yote mawili. Vitovu vya ukuzaji bado vipo, na nusu vipenyo sambamba huvipata bila shida. Hata kwa macho ni rahisi zaidi kuukata mstari kuliko kuhakikisha kwamba rula imegusa duara bila kulikata.

Maduara yakichangia kitovu kimoja, kama pete na kidole, hakuna mstari wa vitovu wa kuchora, kwa maana mistari yote inapita hapo. Kitovu cha ukuzaji ni kile kile kimoja, na penseli inaweza kuwekwa chini.